Mtoto wa Miaka Saba, Simu ya Mama na Uwanja wa Rede

Mwishoni mwa mwaka 2017, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walikabidhiwa vishikwambi. Walikuwa watoto wa umri wa shule ya msingi, kuanzia miaka saba, lakini takwimu zilizokusanywa mwanzoni zilionyesha kuwa 74 kati ya kila 100 hawakuwahi kukaa darasani. Kila kishikwambi kilikuwa na programu ya kufundishia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwalimu hakuwepo. Vijijini zilifungwa sola za kuchajia, na watoto wakaachiwa wajifunze wenyewe kwa miezi 15.

Hilo lilikuwa shindano la Global Learning XPRIZE, lililoendeshwa kwa kushirikiana na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Matokeo yake yanastahili kusomwa taratibu. Kabla ya jaribio, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu.

Anayependa teknolojia ataona ushindi mkubwa hapo, na hatakuwa amekosea. Watoto ambao hawakuwahi kufundishwa na mtu walianza kusoma. Lakini nusu ya pili nayo ipo: baada ya mwaka na miezi mitatu na programu bora zilizochujwa kutoka duniani kote, watoto wengi bado hawakuweza kusoma neno. Tena vishikwambi vile havikuwa na katuni zisizo na mwisho, wala matangazo ya biashara, wala michezo ya magari. Mtoto aliyekifungua alikuta somo.

Simu ya mama haiko hivyo. Ndani yake mna aplikeshi ya silabi, na pembeni yake YouTube, picha za harusi ya shangazi, mchezo wa kukimbizana na treni na ujumbe wa kikoba unaoingia kila dakika. Mtoto anayepewa simu hiyo "asome kidogo" ameingizwa sokoni, akaambiwa atazame duka moja tu.

Ndiyo maana swali ambalo wazazi wengi huanza nalo, la mtoto akae na simu saa ngapi, haliwafikishi mbali. Hata wataalamu wameliacha. Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani lilitoa kikomo mwaka 2019: skrini isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miaka saba halikutoa saa. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unataka mtoto wa kuanzia miaka mitano achangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na kuhusu skrini za burudani unasema zipunguzwe tu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho, mwaka 2016, hakikutaja idadi ya saa kwa watoto wa miaka sita na kuendelea. Kilisema mzazi aweke mipaka isiyobadilikabadilika, na ahakikishe skrini haili usingizi wala mazoezi ya mwili.

Hesabu, kwa hiyo, ianzie upande wa pili. Kwanza yapangwe yale ambayo mtoto wa miaka saba hawezi kuyakosa, kisha simu ipewe kinachobaki.

Tumchukue mtoto wa darasa la pili anayeishi Mbagala, Dar es Salaam. Ni mtoto wa mfano, lakini ratiba yake inafanana na ya maelfu. Anaamka saa 12 asubuhi kuwahi shule. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kati ya saa 9 na 12 kwa siku. Akilala saa mbili na nusu usiku, amepata saa tisa na nusu, yaani amevuka mstari wa chini kwa nusu saa tu. Akichelewa hadi saa nne kwa sababu katuni haijaisha, amelala saa nane, na kesho atasinzia wakati wa hesabu. Madaktari wanashauri skrini izimwe saa moja kabla ya kulala. Hiyo ina maana kwamba ikifika saa moja na nusu, simu imerudi kwa mwenyewe.

Sasa tutazame jua. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, kwa hiyo machweo hayasogei sana. Katikati ya mwaka jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na hata mwezi Januari giza huwa limeanza kuingia kabla ya saa moja usiku. Mtoto wa Ulaya anaweza kucheza nje hadi usiku wakati wa kiangazi. Wa Mbagala akishapitwa na maghrib, siku yake ya nje imekwisha. Watoto wa darasa la kwanza na la pili mara nyingi hutoka shule mapema kuliko kaka na dada zao, lakini mchana ule jua ni kali na wengi huwekwa ndani. Muda wao halisi wa uwanjani unaanza kama saa 10 jioni, jua likishapoa. Ni saa mbili tu, na hazina fidia.

Hapo ndipo wazazi wengi hupoteza bila kujua. Mama au baba anarudi kazini saa 11 jioni na simu yake, amechoka, na mtoto anaipokea mlangoni. Nusu saa hiyo ya simu imekatwa kwenye mchezo wa nje. Nusu saa ileile ikitolewa saa 12 na nusu, mtoto akishaoga na giza limeingia, haimpunguzii kitu. Dakika ni zilezile, ila siku mbili hizo hazilingani kabisa.

Nyumba yenye simu ya ziada au kishikwambi inayo nafasi nyingine nzuri zaidi: saa 8 mchana, baada ya chakula, wakati jua linachoma. Mtoto yuko ndani vyovyote vile, na saa za kulala bado ziko mbali. Bibi au dada wa kazi aliyepo nyumbani anaweza kusimamia, mradi aambiwe waziwazi ni aplikeshi ipi na inaishia wapi.

Kwa nini uwanja upewe haki ya kwanza kiasi hiki? Sababu moja ni macho, na ushahidi wake ni mzuri kwa namna ya pekee kwa sababu ulitokana na watoto wa umri huuhuu. Katika mji wa Guangzhou, China, watafiti walichukua shule za msingi 12 na kuzigawa kwa kura. Katika nusu ya shule hizo, wanafunzi wa darasa la kwanza, wenye miaka sita na saba, waliongezewa kipindi cha dakika 40 nje kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, katika shule ambazo hazikuongezewa kipindi, watoto karibu 40 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona vizuri vitu vya mbali. Katika shule zilizoongezewa, walikuwa 30.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya mwanga. Mwanga mkali wa nje husababisha sehemu ya nyuma ya jicho kutoa kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia jicho linalokua lisirefuke kupita kiasi. Jicho likirefuka sana, picha ya kitu cha mbali haitui mahali pake, na ubao wa darasani unakuwa ukungu. Tatizo hilo limeenea Asia ya Mashariki kuliko Afrika Mashariki, kwa hiyo namba za Guangzhou haziwezi kuhamishiwa Mbagala kama zilivyo. Lakini jicho ni jicho, na mtoto anayebadilisha uwanja kwa sebule anakwenda njia ileile. Kizuri ni kwamba hahitaji kuunguzwa na jua. Hata chini ya mwembe, mwanga wa mchana ni mkali mara nyingi kuliko wa taa ya sebuleni.

Sababu ya pili haipimwi na daktari wa macho. Mwaka 2014 watafiti wa Colorado, Marekani, walichunguza ratiba za watoto 70 wa miaka sita na saba. Waliandika muda uliopangwa na watu wazima, kama vile masomo na mazoezi ya timu, na muda ambao mtoto alijipangia mwenyewe. Kisha wakawapa kazi ya kutaja vitu vingi vya kundi moja kwa haraka. Kazi hiyo inaonekana nyepesi, lakini mtoto anayetaja wanyama akishamaliza ng'ombe, mbuzi na kondoo, lazima ajiamulie mwenyewe kuhamia kwa simba na tembo. Hakuna anayemwambia. Waliokuwa na muda mwingi wa kujipangia walifanya vizuri zaidi. Utafiti ule ulionyesha mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, haukuthibitisha kwamba moja linazaa jingine. Hata hivyo, aliyewahi kusimama pembeni ya watoto wanaocheza rede ataelewa jambo lenyewe.

Katika rede, wawili husimama kila mmoja upande wake wakirusha mpira, na wa katikati anakwepa. Sheria zote zimo vichwani mwao. Mpira ukigusa gauni, je, umemgusa mtu? Dakika tano zinakwenda kwenye ubishi huo. Mmoja anatishia kuondoka na mpira wake, mwingine anasema basi arudie, na mchezo unaendelea kwa sheria ambayo haikuwepo asubuhi. Mtoto wa miaka saba ndiyo kwanza anafikia umri wa kuweza kubishana hivyo bila kulia na kukimbilia kwa mama. Aplikeshi haiwezi kumpa zoezi hilo, kwa sababu ndani ya aplikeshi sheria zimeshaandikwa na mtu mwingine, na kitu pekee mtoto anachoweza kufanya ni kuzifuata au kuifunga.

Mdako nao ni somo zima la hesabu. Kokoto zimo ndani ya kishimo. Mtoto anarusha moja juu, anakomba zilizomo kabla haijatua, anaidaka, anarusha tena na kuzirudisha akibakiza moja nje. Akimaliza za moja moja anaingia za mbili mbili, halafu tatu tatu. Ikibaki kokoto isiyo na mwenzake, kila mtu aliyekaa pale anaiona. Huko ni kugawanya na kupata baki, kunakofanywa kwa mikono, kwa kasi, mbele ya majaji wasiosamehe. Mzazi anayetafuta aplikeshi ya hesabu ya kulipia angeanza na kokoto 12.

Hata hivyo ingekuwa si haki kuishia kwenye kusifia vumbi na kuitukana simu. Kuna kitu ambacho programu nzuri inakifanya vizuri kuliko mtaa, na hata kuliko darasa la watoto 80. Nacho ni mazoezi ya kurudiarudia yenye jibu la papo hapo. Mtoto anayechanganya "ba" na "da" anahitaji kukutana nazo mara nyingi sana, na kila anapokosea aambiwe hapohapo, bila kuchekwa. Mwalimu mmoja hawezi kumfanyia hivyo kila mwanafunzi. Nchini Uingereza, programu za hesabu za onebillion zilijaribiwa kwa watoto wa mwanzo wa shule kwa nusu saa kwa siku, kwa wiki 12, na waliozitumia waliwapita wenzao. Nusu saa ndiyo iliyotosha, na ilikuwa ndani ya ratiba ya shule, chini ya macho ya mwalimu.

Kwa mtoto wetu wa Mbagala, dakika 20 hadi 30 siku za shule ni kipimo cha kutosha. Baada ya hapo umakini wa mtoto wa miaka saba hupungua, na kidole huendelea kubonyeza wakati akili imekwenda zake.

Kazi ngumu ni kuchagua aplikeshi yenyewe. Kuandikwa "ya elimu" si ushahidi wa chochote, maana kila mwenye bidhaa anaweza kujiandikia. Watafiti wa Michigan walipochunguza aplikeshi 135 zilizotumiwa na watoto wadogo au kulenga wao, waliona kuwa 95 katika kila 100 zilikuwa na tangazo la aina fulani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019. Kwa mtoto wa miaka saba tangazo ni zaidi ya usumbufu, kwani linamkata katikati ya neno alilokuwa akilisoma, na mara nyingi hatambui kwamba anauziwa kitu.

Njia rahisi ya kuanza kuchuja ni kuizima data. Aplikeshi ipakuliwe, simu iwekwe katika hali ya ndege, kisha ifunguliwe. Ile iliyojengwa kwa ajili ya kufundisha mara nyingi itaendelea kufanya kazi. Ile inayoishi kwa matangazo huanza kulalamika. Bando linapona, na simu za kazini haziingii katikati ya somo. Kwenye simu nyingi za Android kuna pia kitu kiitwacho App pinning, kwenye mipangilio ya usalama. Kikiwashwa pamoja na neno la siri, mtoto anabaki ndani ya aplikeshi moja hadi mwenye simu aifungue. Ndiyo njia iliyo karibu zaidi na kile kishikwambi cha Tanga.

Kisha mzazi akae pembeni, atazame vidole kwa dakika tano. Aplikeshi inasema "chagua neno kuku," na picha nne zinatokea. Mtoto anayejifunza husita kidogo, macho yakitembea, halafu anagusa. Mtoto aliyezoea kubahatisha hugusa zote nne kwa kasi hadi nyota ziruke na sauti imwambie hongera. Kama programu inatoa hongera ileile kwa wote wawili, inafundisha kubonyeza. Nzuri humrudisha anayebahatisha kwenye swali jepesi zaidi, au humsomea neno polepole.

Liko jambo jingine ambalo wazazi wa watoto wanaosoma shule za Kiswahili hulisahau. Aplikeshi nyingi za herufi zilizomo kwenye simu ni za Kiingereza. Mtoto ambaye darasani anafundishwa kwamba e inasomwa "e" na i inasomwa "i", kwenye simu anasikia e ikiitwa "i", na i ikiitwa "ai". Darasa la kwanza na la pili ndiyo miaka ya KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto anaunganisha ba, be, bi, bo, bu kwa mara ya kwanza. Kumchanganyia sauti wakati huo ni kumbomolea anachojenga. Kiingereza kitapata wakati wake. Kwa sasa itafutwe programu inayofundisha kwa silabi za Kiswahili, na bahati nzuri zipo, zikiwemo zilizotokana na lile shindano la Tanga, ambazo zilitolewa bure kwa umma.

Video ni suala la pembeni kidogo. Ubongo Kids, katuni ya hesabu na sayansi inayotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kurushwa TBC1 mwezi Januari 2014, na imekusudiwa watoto wa kuanzia miaka saba. Ni kazi nzuri. Lakini kuitazama kwenye runinga si sawa na kuitazama kwenye simu. Kwenye runinga kipindi kinakwisha, taarifa ya habari inaanza, na mtoto anaondoka mwenyewe. Kwenye YouTube, kitufe cha Autoplay kikiwa kimewashwa, kipindi kinafuatiwa na kingine, na cha nne kinaweza kuwa cha kufungua midoli kwa lugha asiyoijua. Kitufe hicho kizimwe kabla simu haijatoka mkononi mwa mzazi.

Na ikifika wakati wa kurudisha simu? Katika nyumba nyingi ndipo vita huanza. "Mama, bado kidogo," mara tatu, kisha kilio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waligundua mwaka 2016 jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii: kumtangulizia mtoto onyo la "bado dakika mbili" kuliambatana na fujo zaidi badala ya kuzipunguza. Watoto wao walikuwa wadogo kuliko wetu, lakini sababu inaeleweka. Dakika mbili haziendani na kitu chochote anachokiona kwenye skrini. Mambo yalikuwa mepesi pale shughuli yenyewe ilipofika mwisho, au kuachana na skrini kulipokuwa sehemu ya ratiba ya kila siku.

Kwa hiyo badala ya kusema "dakika ishirini," mzazi aseme "masomo mawili," au "kipindi kimoja." Mtoto anaona mwisho ukija. Halafu kuwe na kitu kinachofuata, tena kile kile kila siku: kula, au kwenda kumsaidia dada kuchambua mchele. Mtoto anayeambiwa "acha simu" kisha akaachwa amesimama katikati ya sebule, ana kila sababu ya kulia.

Ratiba hii ina maadui wake. Masika inaponyesha kuanzia Machi hadi Mei, uwanja unakuwa dimbwi. Wanaoishi ghorofani hawana uwanja hata kiangazi, na wa barabarani wana bodaboda zinazokatisha kila upande. Hapo ule muda wa saa 10 hadi maghrib usikabidhiwe simu kwa sababu tu nje hakufai. Kibarazani panatosha kwa mdako, gololi, kuruka kamba na ludo. Bao nalo linawezekana, kwa mashimo machache na sheria rahisi, kwa sababu lile kamili la mashimo 32 na kete 64 litamchosha mtoto wa miaka saba. Wazazi wanne wa jengo moja wakipeana zamu ya kukaa na watoto uani jioni, kila mmoja anatoa jioni moja na mtoto wake anapata nne. Hilo ndilo walilofanya bibi zetu bila kuliita mpango.

Likizo ni mtihani mkubwa zaidi, kwa kuwa shule haishiki tena nusu ya siku. Ni sawa kuongeza kipindi kimoja cha katuni mchana. Kisichofaa kusogezwa ni mambo mawili yale ya mwanzo, saa za nje jioni na saa ya kulala.

Mzazi atajuaje kwamba mizani imeharibika? Asihesabu dakika peke yake. Atazame kama mtoto anaomba simu kabla hajapiga mswaki, kama wenzake wanamwita nje naye anajibu kwamba hataki, kama anaamshwa mara nne asubuhi, na kama anafinya macho anaposoma kibao cha daladala. Dalili moja ya siku moja si kitu. Mbili zikidumu kwa wiki kadhaa, muda wa simu upunguzwe, na kwa macho apelekwe kupimwa.

Kama aplikeshi inafundisha kweli au la, jibu halimo kwenye nyota wala vikombe inavyogawa. Chukua karatasi leo, andika maneno kumi ya silabi mbili na tatu: baba, mezani, kuku, samaki, na mengine unayoyajua wewe. Mwambie mwanao akusomee, uandike ameweza mangapi na uiweke tarehe. Baada ya mwezi mmoja mpe maneno mengine kumi yenye ugumu uleule. Kama ameongeza, iache aplikeshi iendelee na kazi yake kwa hizo dakika 20. Kama yuko palepale, ifute, utafute nyingine, na katika kipindi hicho chote usimpunguzie hata jioni moja ya nje.